Pedi Ngapi kwa Kochi Moja?

Ukinunua PS4 au PS5 mpya, ndani ya boksi unakuta pedi moja tu. Xbox nayo ni hivyo hivyo. Wale waliokulia na mashine za kaseti za njano, zile zilizoitwa TV gemu, wanakumbuka mambo yakiwa tofauti: boksi lilikuja na pedi mbili, ukachomeka Contra, na wawili wakaanza kukimbia na kupiga risasi kwenye kioo kimoja. Hakuna aliyehitaji kuuliza.

Siku hizi lazima uulize. Mzazi anayetaka watoto wacheze pamoja sebuleni, au vijana wanaokutana Jumamosi nyumbani kwa mmoja wao, wana mambo mawili ya kujua kabla ya kutoa pesa. Kwanza, ni gemu ipi inayokubali watu kadhaa kwenye skrini moja, na ni wangapi hasa. Pili, watahitaji pedi ngapi. Kukosea ni ghali, kwa sababu pedi halisi ya PS5 hukaribia bei ya gemu mpya, na diski ikishafunguliwa maduka mengi hayairudishi.

Majibu yote mawili yanapatikana kabla ya kulipa, na mengi yameandikwa kwenye kasha lenyewe au kwenye ukurasa wa duka la mtandaoni. Shida ni kwamba kwenye kasha hilo hilo huwa kuna namba nyingine kubwa zaidi, isiyokuhusu, na ndiyo inayovuta macho.

Namba mbili, maana mbili

Chukua kasha la GTA V ya PS4. Upande wa nyuma utaona namba 30. Mnunuzi mwenye haraka atasema gemu hii ni ya kundi. Lakini namba hiyo imeandikwa pembeni ya maneno Network Players, yaani wachezaji wa mtandaoni: watu 30, kila mmoja nyumbani kwake, kila mmoja na mashine yake, televisheni yake na nakala yake ya gemu. Namba ya wanaoweza kukaa kwenye kochi moja imeandikwa peke yake, na kwa GTA V ni 1. Hata ukiunganisha pedi nne, tatu zitakuwa za kushikwa tu mkononi.

Kwenye kasha la PS4 au PS5, basi, tafuta neno Players lisilokuwa na Network wala Online mbele yake. Likisema 1-4, watu wanne wanaweza kucheza kwenye mashine moja. Likisema 1, usitegemee zaidi. Kwenye duka la PlayStation Store taarifa hiyo iko chini ya picha na bei: mstari mmoja unataja wachezaji wa mashine moja, mwingine unataja wa mtandaoni pamoja na PS Plus, yaani ule usajili wa kulipia. Kucheza watu wawili au wanne kwenye mashine moja hakuhitaji PS Plus. Pia angalia kama pameandikwa Online play required. Maneno hayo yanamaanisha gemu haiendi bila intaneti, hata kama mmekaa pamoja, na kwa nyumba inayotegemea bando la simu hilo ni jambo la kupima.

Duka la Xbox linaeleza kwa uwazi zaidi. Kwenye orodha ya uwezo wa gemu utasoma Local co-op au Local multiplayer, na namba ya watu kwenye mabano. La kwanza ni kushirikiana dhidi ya mashine, la pili ni kucheza pamoja kwa namna yoyote, hata kupambana. Tofauti hiyo ina uzito. Gemu ya ngumi kama Tekken 8 inakaa watu wawili kwenye skrini moja, lakini wanapigana wao kwa wao. Kama unatafuta kitu ambacho kaka na mdogo wake watasaidiana badala ya kugombana, unatafuta co-op.

Kwa wanaocheza kwenye kompyuta kupitia Steam, maneno ya kutafuta upande wa kulia wa ukurasa wa gemu ni Shared/Split Screen Co-op kwa kushirikiana na Shared/Split Screen PvP kwa kushindana. Online Co-op peke yake haikusaidii sebuleni. LAN Co-op nayo inahitaji kompyuta zaidi ya moja.

Nintendo Switch ndiyo inayowapoteza wengi, kwa sababu inatumia neno local kwa maana nyingine. Ukurasa wa Mario Kart 8 Deluxe unataja makundi matatu: Single System ni mtu 1 hadi 4, Local wireless ni 2 hadi 8, na Online ni 2 hadi 12. Anayesoma local anafikiria sebule moja na televisheni moja, akahesabu watu wanane. Kumbe Local wireless ni mashine kadhaa za Switch zilizo chumba kimoja zikiwasiliana bila waya. Skrini moja ni Single System, na hapo mwisho ni watu wanne.

Kwa nini gemu nyingine hukataa

Watu wengi huona ajabu kwamba gemu ya mpira inawakaribisha wanne bila shida, wakati gemu kubwa ya magari yenye gharama zaidi inamkaribisha mmoja. Sababu iko kwenye kamera, yaani pale mchezaji anapotazamia.

Kwenye mpira, kamera ni moja na inafuata mpira. Wachezaji wote wanaotazama skrini wanaona kitu kile kile, hivyo kuongeza mtu wa tatu au wa nne hakuiongezei mashine kazi yoyote ya maana. Gemu za ngumi ni hivyo hivyo, na gemu za jikoni kama Overcooked, ambapo jiko zima linaonekana kutoka juu. Aina hii ndiyo inayoitwa skrini ya pamoja.

Lakini kwenye gemu ambayo kamera iko mgongoni mwa mhusika au ndani ya macho yake, kila mchezaji anahitaji kamera yake. Skrini inagawanywa vipande viwili au vinne, na mashine inalazimika kuuchora ulimwengu ule mara mbili au mara nne kwa kila picha inayoonyesha. Wachezaji wakiachana, mmoja akaenda kaskazini mwa mji na mwingine kusini, mashine inapaswa kubeba sehemu zote mbili kwenye kumbukumbu yake kwa wakati mmoja. Gemu iliyotengenezwa kuitumia mashine hadi mwisho wa nguvu zake haina akiba ya kufanya kazi hiyo. Watengenezaji hulazimika kupunguza ubora wa picha, kuzuia wachezaji wasiachane mbali, au kuondoa kabisa uwezekano wa kugawa skrini. Wengi huchagua hili la mwisho.

Ukilielewa hili unaweza kubahatisha vizuri hata kabla ya kusoma kasha. Tazama video fupi ya gemu. Kama wahusika wote wanaonekana kwenye picha moja, kuna uwezekano mkubwa kwamba inapokea pedi kadhaa. Kama kamera inamfuata mtu mmoja ndani ya mji mkubwa ulio wazi, anza na shaka, kisha hakikisha.

Gemu moja, majibu tofauti

Kuhakikisha nako kunahitaji umakini, kwa sababu jibu linaweza kubadilika kati ya sehemu moja ya gemu na nyingine, na kati ya mashine moja na nyingine. Mifano miwili ya miaka ya karibuni inaonyesha jambo hili vizuri.

Mfululizo wa Halo kwenye Xbox ulijijengea jina kwa marafiki waliokaa kochi moja wakigawana skrini. Mwaka 2015 ilitoka Halo 5: Guardians bila uwezo huo, na mashabiki walilalamika sana. Ilipokuja Halo Infinite mwaka 2021, waliahidiwa kwamba hadithi yake ingeweza kuchezwa kwa kugawa skrini. Septemba 2022 watengenezaji walitangaza kwamba wameachana na mpango huo. Lakini sehemu ya mapambano ya timu ya gemu hiyo hiyo inagawa skrini hadi watu wanne. Kwa hiyo mtu akikuuliza kama Halo Infinite inachezwa na watu wengi kwenye skrini moja, jibu sahihi ni: mapambano ndiyo, hadithi hapana. Lebo ya dukani peke yake haiwezi kukueleza hivyo.

Mfano wa pili ni Baldur's Gate 3, hadithi ndefu ya safari na vita inayowaruhusu watu wawili kugawana skrini. Ilifika PS5 Septemba 2023 ikiwa na uwezo huo. Xbox ilichelewa, na kikwazo kilikuwa hicho hicho: Xbox Series S, ile ndogo na ya bei nafuu, ina kumbukumbu kidogo kuliko Series X, na kugawa skrini kuliielemea. Mwishowe gemu ilitoka kwenye Xbox Desemba 2023, skrini ikigawanyika kwenye Series X lakini si kwenye Series S. Wenye Series S walisubiri hadi sasisho la Aprili 2025. Katika kipindi chote hicho, rafiki mwenye Series X angeweza kukuambia kwa nia njema kabisa kwamba gemu inacheza watu wawili, nawe ukainunua na kuona haikubali.

Fortnite nayo inagawa skrini kwa watu wawili kwenye PlayStation na Xbox, lakini si kwenye Switch wala kompyuta. Na huyo mchezaji wa pili lazima awe na akaunti yake ya Epic Games. Minecraft inakaa watu wanne kwenye mashine za gemu, ila ile ya kompyuta haigawi skrini.

Kwa hiyo unapotafuta, taja mambo matatu kwa pamoja: jina la gemu, mashine yako hasa, na sehemu ya gemu unayotaka kucheza. Kwa gemu za kushirikiana kuna hifadhi nzuri mtandaoni iitwayo Co-Optimus. Inaorodhesha kila gemu kwa kila mashine, na inatenganisha wachezaji wa kochi na wa mtandaoni. Haiorodheshi gemu za kushindana tu, hivyo usipoikuta Tekken humo usidhani haichezwi na wawili.

Kuhesabu pedi

Sasa umeshajua gemu inakaa watu wanne. Je, unahitaji pedi nne? Mara nyingi ndiyo, lakini si kila mara, na wakati mwingine pedi nne ulizonazo si zile zinazokubalika.

Anza na ukomo wa mashine. PS4 na PS5 zinapokea pedi nne kwa wakati mmoja. Xbox One na Xbox Series X na S zinapokea hadi nane. Nintendo Switch nayo hufika nane, kutegemea aina ya pedi. Gemu haiwezi kuvuka ukomo wa mashine yake, hivyo kundi la watu watano kwenye PlayStation litahitaji njia nyingine, ambayo tutaifikia.

Kinachofuata ni aina ya pedi, na hapa waliohama kutoka PS4 kwenda PS5 huumia zaidi. Pedi ya PS4, yaani DualShock 4, inaunganika na PS5 bila tatizo, lakini inacheza gemu za PS4 tu. Ukiweka gemu ya PS5, inataka DualSense. Familia iliyokuwa na pedi nne za zamani inajikuta na moja tu inayofaa. Kuna namna ya kupunguza maumivu. Gemu nyingi, zikiwemo za mpira za EA Sports FC, hutolewa kwa matoleo mawili, la PS4 na la PS5. Kama PS5 yako ina sehemu ya diski, nunua toleo la PS4 na ulicheze kwenye PS5, na pedi zako zote za zamani zitafanya kazi. Picha itakuwa ya kiwango cha PS4, lakini watu wanne watacheza bila kununua pedi tatu. Kwa upande wa Xbox hakuna kikwazo hiki, maana pedi za Xbox One zinakubalika kwenye Series X na S hata kwa gemu mpya.

Switch ina hesabu yake. Zile Joy-Con mbili zinazobanwa pembeni mwa mashine ni pedi mbili, si moja. Ukizitenganisha na kuzilaza ubavu, watu wawili wanacheza Mario Kart 8 Deluxe siku hiyo hiyo uliyonunua mashine. Hata hivyo si kila gemu inakubali Joy-Con moja iliyolazwa, na nyingine zinataka hiyo tu. Super Mario Party ya mwaka 2018 inataka kila mtu ashike Joy-Con moja, na haikubali ile pedi kubwa iitwayo Pro Controller. Aliyenunua Pro Controller mbili kwa ajili ya gemu hiyo bado hana pedi za watu wanne. Aliyenunua jozi moja ya Joy-Con anazo.

Kompyuta mara nyingi huokoa pedi moja, kwa kuwa kibodi na kipanya huhesabiwa kama mchezaji. It Takes Two, kwa mfano, inahitaji pedi moja tu kwenye kompyuta: mmoja anatumia pedi, mwenzake kibodi.

Familia moja, PS4 moja, pedi mbili

Tuyaweke haya kwenye hali halisi. Kuna familia yenye PS4 na pedi mbili. Watoto ni watatu: mvulana wa miaka 15, msichana wa miaka 12 na mdogo wao wa miaka 7. Baba angependa kucheza nao mwishoni mwa juma. Pesa iliyopo inatosha gemu moja. Mezani kuna majina manne: GTA V, EA Sports FC 24, It Takes Two na Overcooked! 2.

GTA V inaondoka mapema. Wachezaji wa skrini moja ni 1, na lebo ya umri kwenye kasha la Ulaya, linalouzwa sana huku kwetu, ni 18.

EA Sports FC 24 inakaa watu wanne kwenye mechi za kirafiki, zile zinazoitwa Kick Off. Kabla ya mechi inatokea skrini yenye alama ya kila pedi iliyounganishwa, na kila mtu anaisogeza alama yake kushoto au kulia. Wote wakienda upande mmoja, wanakuwa timu moja dhidi ya mashine. Lakini kila mtu anahitaji pedi yake nzima. Kwa pedi mbili, wanacheza wawili na wengine wanasubiri, kama kwenye vibanda vya gemu mtaani ambapo aliyefungwa anampisha anayefuata. Ili wanne wacheze pamoja, familia hii italazimika kununua pedi mbili zaidi.

It Takes Two, iliyotengenezwa na Hazelight Studios na kuchaguliwa gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards za 2021, ni ya watu wawili kamili. Hakuna namna ya kuicheza peke yako na hakuna nafasi ya mtu wa tatu. Skrini imegawanywa karibu muda wote, na kila mchezaji ana uwezo ambao mwenzake hana, hivyo hakuna anayeweza kumbeba mwingine. Pedi mbili zilizopo zinatosha na diski moja inatosha. Ni chaguo zuri sana kwa kaka na dada yake, kwa kuwa lebo yake ya umri ni 12. Lakini mdogo wa miaka 7 atabaki mtazamaji kwa hadithi ya saa zaidi ya kumi, na baba pia.

Inabaki Overcooked! 2 ya mwaka 2018. Kasha linasema 1-4. Wachezaji ni wapishi ndani ya jiko moja: mmoja anakata mboga, mwingine anapika, mwingine anaosha sahani, na saa inakimbia. Jiko lote linaonekana kwa pamoja, hivyo hakuna kugawa skrini na PS4 ya zamani inamudu. Lebo ya umri ni 3. Na kuna jambo ambalo kasha halilisisitizi: pedi moja inaweza kushikwa na watu wawili. Mmoja anashika upande wa kushoto, anatembea kwa kijiti cha kushoto na kutumia vitufe vya juu vya kushoto. Mwenzake anafanya hivyo hivyo upande wa kulia. Mpangilio huo unachaguliwa pale wapishi wanapojiunga, kabla ya kuingia jikoni. Pedi mbili zinabeba watu wanne.

Namna hiyo ina mipaka yake. Mikono ya watu wazima wawili inabanana kwenye pedi moja, na mmoja akivuta pedi kwa msisimko anamvuruga mwenzake. Ni vizuri mdogo wa miaka 7 ashirikiane pedi na dada yake, na baba na mvulana mkubwa wavumiliane kwenye ile nyingine. Baada ya mwezi, pesa ikipatikana, pedi ya tatu itampa baba nafasi yake.

Kwa familia hii jibu ni Overcooked! 2 kwanza, bila kununua pedi yoyote. Gemu ya mpira ifuate pedi ya tatu itakapofika. Kama wangekuwa watoto wawili tu wakubwa, jibu lingekuwa It Takes Two. Na kama mdogo asingekuwepo na pedi zingekuwa nne, mpira ungetangulia. Idadi ya watu, umri wao na pedi zilizopo ndivyo vinavyochagua gemu.

Watu wakizidi pedi

Kwa kundi la watano na kuendelea kuna njia mbili zisizohitaji pedi zaidi. Ya kwanza ni gemu za kupokezana. Mfululizo wa The Dark Pictures, ulioanza na Man of Medan mwaka 2019, una namna ya kucheza iitwayo Movie Night. Watu hadi watano wanaandika majina yao, kila mmoja anachukua mhusika, na gemu yenyewe inataja ni zamu ya nani kupewa pedi. Pedi moja inatosha wote. Hizi ni hadithi za kutisha kwa watu wazima, hivyo watoto hawahusiki.

Ya pili ni kutumia simu kama pedi. Kwenye mkusanyiko wa The Jackbox Party Pack, televisheni inaonyesha herufi nne, kila mtu anafungua jackbox.tv kwenye simu yake, anaandika herufi hizo na jina lake, na anaanza kujibu. Michezo mingi humo inachukua watu hadi wanane. Inahitaji intaneti kwenye mashine na kwenye kila simu, na maswali mengi yanategemea Kiingereza na mambo ya Marekani, kwa hiyo inafaa kundi linaloielewa lugha hiyo vizuri.

Pedi ya pili isipoitika

Mara nyingi lawama hupewa gemu wakati kosa liko kwenye kuunganisha. Kwenye PS4, kila pedi lazima iwe na mtumiaji wake. Unganisha pedi ya pili kwa waya wa USB, bonyeza kitufe cha PS katikati yake, na skrini itakuuliza nani anaitumia. Ukichagua jina la yule anayeshika pedi ya kwanza, pedi ya pili itachukua nafasi yake na ile ya kwanza itaacha kuitika. Huo ndio wakati watu wanaposema gemu inakubali pedi moja tu. Mchagulie mtumiaji mwingine, au mwingize kama mgeni. Kumbuka tu kwamba mgeni akitoka, kila alichohifadhi kinafutwa, hivyo mtoto anayecheza kila wiki ni bora afunguliwe jina lake.

Rangi ya taa ya pedi ya PS4 inakuonyesha kama umefanikiwa: mchezaji wa kwanza ni buluu, wa pili nyekundu, wa tatu kijani, wa nne waridi. Pedi zote zikiwa zimewaka rangi tofauti, mashine imezitambua, na kama bado mchezaji wa pili haonekani, basi tafuta ndani ya gemu. Gemu nyingi husubiri pedi ya pili ibonyeze kitufe kwenye menyu fulani ndipo zimwingize.

Kama pedi inachaji lakini haiunganishwi, shuku waya kabla ya kushuku pedi. Nyaya nyingi za bei rahisi hupitisha umeme tu bila data, na pedi haiwezi kujitambulisha kwa mashine kupitia waya wa namna hiyo. Badilisha waya, au tumia njia isiyo na waya: nenda Settings, kisha Devices, kisha Bluetooth Devices, halafu bonyeza na kushikilia SHARE na kitufe cha PS kwa pamoja hadi taa ianze kumemeta haraka.

Kwa anayenunua pedi au diski iliyokwishatumika, kipimo kizuri hufanyika dukani. Omba mashine iwashwe, unganisha pedi mbili, ingiza gemu unayoitaka, na ufike hadi wahusika wawili wanatembea kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa pedi yake, kwenye sehemu ile ile mtakayocheza nyumbani. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hatakunyima dakika hizo. Kwa gemu inayopakuliwa, ambayo huwezi kuijaribu kwanza, andika jina lake, mashine yako na sehemu unayoitaka, na usilipe hadi vyote vitatu viwe na jibu.